Miaka 14 ya uhasibu, na sasa natamani uuguzi

*"Nina miaka 38. Nimekuwa mhasibu kwa miaka 14, na cheti changu cha juu cha uhasibu nilikisomea usiku kwa miaka minne huku nikifanya kazi mchana. Wazazi wangu walijinyima mengi ili nifike hapa. Mwaka juzi nilimuuguza baba mpaka akafariki, na tangu wakati huo natamani kusomea uuguzi. Lakini nikifikiria kukaa darasani na vijana wa miaka 19, naona kama nimeitupa miaka 14 ya maisha yangu. Je, nianze upya au nivumilie nilipo?"*

Pole sana kwa kuondokewa na mzazi. Hilo la kumuuguza baba nitalirudia, kwa sababu lina uzito kwenye uamuzi huu kuliko ulivyoliweka. Kwanza tuitazame ile miaka 14, na kwa bahati nzuri fani yako yenyewe inakupa namna ya kuipima.

Bila shaka umewahi kuulizwa kazini kama mashine ya zamani iendelee kutumika au inunuliwe mpya. Unajua hesabu hiyo inavyopigwa. Bei iliyolipwa kununua ile ya zamani haiingii. Kinachoingia ni bei ambayo ingeuzwa leo, gharama ya kuiendesha kuanzia leo, na kile ambacho mashine mpya italeta kuanzia leo. Meneja akisema, "Lakini hii tuliinunua kwa fedha nyingi," wewe ndiye unayemweleza kwa upole kwamba fedha hizo zimeshatoka, na hazitarudi mashine ikiwashwa wala ikizimwa.

Sasa jipigie hesabu hiyohiyo. Tuseme utastaafu ukiwa na miaka 60, na masomo ya uuguzi yachukue miaka 4. Mbele yako kuna miaka 22. Njia ya kwanza ni miaka 22 ya uhasibu. Njia ya pili ni miaka 4 ya kusoma na miaka 18 ya uuguzi. Ile miaka 14 haionekani upande wowote, kwa sababu imetumika vilevile ukibaki na ukiondoka. Unapojiambia kwamba ukiondoka utaitupa, unaichukulia kana kwamba ukibaki itarudi. Haitarudi. Kubaki kutakupa miaka mingine 22 ya uhasibu, na swali ni kama hiyo ndiyo unayoitaka.

Najua ukisoma hapa utasema, "Hilo nalielewa, ila moyo hausikii." Ni kweli, na sababu zake zinajulikana. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida ya ukubwa uleule. Kwa hiyo mtu akiwa bado yumo ndani ya jambo, hasara huwa haijatamkwa. Anaweza kujipa matumaini kwamba siku moja italipa. Akitoka, anahisi kama ametia saini kwamba imepotea. Wengi hubaki ili wasiitie saini hiyo, hata kama hawaipendi tena kazi yenyewe.

Kuna jaribio ninalopenda kuwasimulia watu walio kwenye hali yako. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha utafiti kuhusu watu walionunua tiketi za msimu mzima za ukumbi wa michezo ya kuigiza katika Chuo Kikuu cha Ohio. Baadhi ya wanunuzi walilipa bei kamili, wengine wakapewa punguzo bila kulitarajia. Baada ya hapo wote walikuwa na tiketi ileile, ya michezo ileile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kuliko waliopata punguzo. Fedha iliyokwisha kutoka mfukoni ndiyo iliyokuwa ikiwavuta waende. Nusu ya pili ya msimu tofauti hiyo ikafifia, isionekane tena. Mvuto wa kile tulichokilipia una nguvu sana mwanzoni, halafu hupungua wenyewe. Likumbuke hili, kwa sababu ukichagua kuondoka, ndani ya muhula wa kwanza utahisi umefanya kosa kubwa la maisha yako, na hisia hiyo peke yake haitakuwa ushahidi kwamba umekosea.

Hata hivyo, sitaki uondoke hapa ukidhani kila kinachokuzuia ni hisia tu. Wapo wanaotoa ushauri wa haraka kwamba yaliyopita si ndwele, acha kazi, fuata moyo. Huo unachanganya vitu viwili. Kuna kilichokwisha kutumika, ambacho hakina nafasi kwenye uamuzi. Na kuna kile ambacho bado hujakipoteza lakini utakipoteza ukiondoka, na hicho kina nafasi kamili: mshahara wa mtu mwenye uzoefu, michango ya pensheni itakayosimama kwa miaka minne, bima ya afya ya kazini, nafasi ya kupandishwa cheo, na watu wanaokujua kwa kazi yako. Hizo ni hasara za kweli na zinahesabika.

Namna rahisi ya kuvitenganisha ni kuandika sababu zako zote za kubaki, kila moja kwa sentensi moja, halafu kuiuliza kila sentensi swali hili: kama leo asubuhi mtu mwingine angekabidhiwa maisha yangu, pamoja na cheti changu, ujuzi wangu, akiba yangu na familia yangu, lakini yeye hakuzitolea jasho siku zilizopita, je, sababu hii ingemhusu? "Nilisoma usiku kwa miaka minne" haimhusu, yeye hakusoma. "Mtoto anaanza sekondari mwakani na ada inatoka kwenye mshahara huu" inamhusu moja kwa moja. "Watu watanicheka" inamhusu kidogo, na hupungua. Ukimaliza, zipige mstari zile zisizomhusu. Zilizobaki ndizo utakazokaa nazo mezani pamoja na mwenzi wako, kama unaye, na karatasi ya bajeti. Wengi hushangaa kuona orodha imebaki na mambo matatu au manne, na kwamba hayo yana majibu ya kutafutwa, tofauti na lile donge la jumla walilokuwa nalo kifuani.

Suala la wazazi linahitaji maneno yake, kwa sababu halimo kwenye hesabu za mashine. Wazazi waliojinyima hawakununua mhasibu. Walilipia mtoto atakayeweza kujitegemea, na hilo limetimia kila mwezi kwa miaka 14. Ulilipwa kwa kazi uliyofanya, ukala, ukavaa, ukasaidia wengine. Jiulize pia ulipokuwa unamuuguza baba, nani alikuwa analipia usafiri na dawa, na nani aliyeweza kusoma ankara ya hospitali na kuuliza kwa nini kitu fulani kimeandikwa mara mbili. Mama yako kama yupo, zungumza naye kabla hujaamua kwa niaba yake kwamba ataumia. Mara nyingi nimeona mtu akibeba deni ambalo mdai hajawahi kulidai.

Tuje kwenye ujuzi, maana hapa napo watu hupotoka pande zote mbili. Wengine husema kila ulichojifunza kitakufaa kokote uendako. Si kweli. Sheria za kodi unazozijua kwa undani hazitakusaidia wodini, na usipozitumia zitapitwa na wakati. Cheo chako hakitahama. Wengine nao husema unaanza sifuri, na hilo pia si kweli. Christina Gathmann na Uta Schönberg, wachumi waliofuatilia wafanyakazi wa Ujerumani katika utafiti wao wa 2010, waligundua kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wa mtu haijafungwa kwenye jina la kazi. Imo kwenye kazi ndogondogo anazozifanya kila siku: kupima, kuandika, kukagua, kujadiliana, kuhudumia. Mtu akihamia kazi yenye shughuli zinazofanana na zake, anahama na ujuzi mwingi. Akihamia kazi ya mbali, anahama na kidogo. Kwa hiyo usijiulize kama uhasibu unafanana na uuguzi. Ivunje wiki yako vipandevipande, uone vipi vinahama.

Nikuoneshe kimoja kwa karibu. Wodini kuna karatasi ya maji ya mgonjwa, inayojazwa kwa saa 24. Upande mmoja yanaandikwa yote yaliyoingia: dripu, uji, chai, maji ya kunywa. Upande mwingine yote yaliyotoka: mkojo, matapishi, majimaji ya mirija. Tuseme mgonjwa amepata mililita 1,500 za dripu na amekunywa mililita 900, jumla 2,400. Mkojo uliopimwa ni mililita 1,150. Tofauti ni 1,250. Sehemu ya tofauti hiyo imetoka kwa jasho na pumzi, ambazo hazipimwi kwa chupa. Lakini kama jana tofauti ilikuwa ndogo na leo imeruka hivi, na miguu imeanza kuvimba, huenda maji yanabaki mwilini, na daktari anatakiwa aitwe. Inawezekana pia hakuna tatizo lolote mwilini: mtu wa zamu ya usiku alimwaga mkojo bila kuuandika. Muuguzi mzuri huiangalia karatasi hiyo na kuhisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa kabla hata hajajua ni nini. Tabia hiyo ya kutoiamini jumla mpaka uone kilichoizaa umeijenga kwa miaka 14 ya kufunga hesabu za mwezi. Vivyo hivyo kukabidhiana zamu kwa maandishi yanayoeleweka, kuhesabu dawa zinazofungiwa kabatini na kusaini, kukokotoa dozi bila kuogopa desimali, na kusimama mbele ya mkubwa wako ukasema tarakimu hizi haziafikiani.

Ambacho hakitahama ni kikubwa zaidi, na nakitaja ili usije ukashtushwa nacho. Mikono yako haijui kutafuta mshipa. Hujawahi kusimama saa 12 mfululizo. Anatomia na famakolojia ni mpya kabisa kwako. Na utakayemfuata wodini akikufundisha kufunga kidonda huenda akawa mdogo kwako kwa miaka kumi, atakukosoa mbele ya wagonjwa, na atakuwa sahihi. Kwa mtu ambaye ofisini watu humwendea kuuliza, kurudi kuwa asiyejua ndiko kunakochoma kuliko umaskini wa mwanafunzi. Wengi wa niliokaa nao waliobadili fani wakaacha katikati hawakushindwa na masomo. Walishindwa na hicho. Wakatafsiri uchungu wa kuwa mwanagenzi kama dalili kwamba walikosea njia.

Sasa nirudi kwa baba. Ulimhudumia mtu mmoja, uliyempenda, na kila ulichomfanyia kilikuwa na maana kwako. Hamu yako ya uuguzi imezaliwa hapo, na naiheshimu. Ila kazi ya uuguzi ni kuwahudumia wengi kwa wakati mmoja, wageni kwako, baadhi yao wakali, baadhi yao wakipona na kuondoka bila kukuaga, huku sehemu kubwa ya zamu ikienda kwenye maandishi. Msiba pia una tabia ya kuifanya kazi ya zamani ionekane haina maana kwa muda, halafu maana ikarejea. Sijui wewe uko wapi kati ya haya, na nadhani wewe pia bado hujui. Jambo hili hulijui kwa kulifikiria ukiwa umekaa. Unalijua kwa kulionja.

Kwa hiyo kabla ya barua ya kuacha kazi, jaribu kwa gharama ndogo. Omba kujitolea kwenye nyumba ya kulea wazee au kituo cha afya, siku moja ya mwisho wa wiki, kwa miezi mitatu hivi. Usichague wodi ya wagonjwa wanaofanana na baba peke yake. Omba upangiwe pale ambapo hakuna anayekukumbusha yeye. Tafuta wauguzi wawili wenye miaka mitano au zaidi kazini, mmoja anayeipenda na mmoja aliyechoka, uwaulize wiki yao iliyopita ilikuwaje, siku kwa siku. Wakati huohuo, kwa wiki mbili andika kila jioni ni kazi gani ya uhasibu imekuchosha siku hiyo na ipi imekupita bila kujua saa zimekwenda. Ukiona kinachokuchosha ni bosi fulani, msimu wa ukaguzi au mwendo wa ofisi hiyo moja, shida yako inaweza kutatuliwa kwa kuhama ofisi. Ukiona kazi yenyewe imekuwa kavu hata siku nzuri, na baada ya miezi mitatu ya kujitolea bado unasubiri Jumamosi ifike, una jibu lenye miguu.

Kuna njia ya kati ambayo watu huidharau. Hospitali zina wahasibu, wasimamizi wa bima, watu wa kupanga bajeti za wodi na manunuzi ya dawa. Kwa baadhi ya watu, kuhamia huko na kuwa karibu na wagonjwa kunatosha. Kwa wengine ni kujitesa, kwa sababu kila siku wataona dirishani kazi waliyoitaka. Nadhani wewe, kwa jinsi ulivyoandika, ni wa kundi la pili, lakini miezi mitatu ya kujitolea itasema zaidi kuliko mimi. Kwa vyovyote vile, usiuache uanachama wako wa uhasibu ukafa. Lipa ada ya mwaka na utimize saa za mafunzo endelevu hata ukiwa mwanafunzi, kwa sababu kuuhuisha baadaye ni kazi ngumu, na hesabu za biashara ndogo mbili tatu zinaweza kukulipia nauli na vitabu.

Kama uamuzi ni kwenda, upe tarehe ya kupimwa. Jiwekee kwamba hutauhukumu kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa mafunzo wodini, hata siku zikiwa mbaya namna gani. Na andika leo, ukiwa na akili tulivu, ni mambo gani yatakayokufanya usimame kweli: akiba kushuka chini ya miezi kadhaa mliyokubaliana nyumbani, afya yako kuyumba, au kujikuta huwajali tena wagonjwa. Bila karatasi hiyo unaweza kuangukia mtego uleule kwa upande wa pili, ukang'ang'ania uuguzi kwa sababu tu uliuachia uhasibu.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kuonana naye ana kwa ana. La kwanza ni hali yako. Kama hisia ya kupoteza haiko kwenye kazi tu bali imeenea kwenye kila kitu, kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa mzito karibu kila siku, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipandi, vitu ulivyovipenda havikuvuti, basi mwone daktari au mshauri nasaha kabla ya kuamua lolote kuhusu kazi. Huzuni ya msiba inaweza kugeuka sonona, na sonona humfanya mtu ayaone maisha yake yote kuwa yamepotea, hata yasiyopotea. Kama yanakujia mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, usisubiri miadi. Mwambie mtu wa karibu leo hii na uende kituo cha afya kilicho jirani.

La pili ni fedha na sheria, na hapa mimi si mtaalamu wa kutosha. Nenda ofisi za mfuko wako wa pensheni na taarifa ya michango yako mkononi, uulize kinachotokea michango ikisimama kwa miaka minne na kama unaweza kuendelea kuchangia mwenyewe. Halafu nenda chuo unachokifikiria, onana na msajili, umuulize kama wanapokea watu wenye shahada ya fani nyingine kwenye programu fupi. Katika baadhi ya nchi zipo, na zinaweza kupunguza mwaka mmoja au zaidi. Uliza pia kama sifa zako za sekondari katika biolojia na kemia zinatosha au utahitaji kozi ya awali, kwa kuwa wahasibu wengi hukwama hapo, na ni bora ujue sasa kuliko dirisha la maombi likiwa limebakiza wiki moja kufungwa.